Vikadi vya zawadi vya mwaka huu, ukoo mzima

Mama, kustaafu ualimu (saa ya mkononi)
Mama, miaka 34 umeamshwa na kengele ya shule.
Saa hii haina kengele. Lala. – Wanao sita

Baba, kutimiza miaka 70 (redio)
Shikamoo Baba, na hongera kwa miaka 70. Betri nne zimo tayari,
washa tu. – Kitinda mimba wako

Bibi, ametoka hospitali (shali)
Shikamoo Bibi, pole kwa kuugua. Shali ni ya sufu, ifuliwe kwa maji baridi,
na asiifue Bibi. – Wajukuu

Wifi, arusini (mashuka)
Wifi, kuanzia leo kaka ni wako, na kukoroma kwake pia.
Mashuka pea mbili, futi 6 kwa 6. Hongereni!

Bwana arusi, kutoka kwa rafiki (bisibisi seti nzima)
Umeoa, ndugu yangu! Kitasa kikilegea,
fundi ni wewe sasa.

Mume, miaka 10 ya ndoa (pochi)
Miaka 10, mume wangu, na bado nakuchagua wewe.
Ile pochi iliyochanika, naomba ipumzike. – Wako

(Hiki cha mume kifungwe upande wa ndani wa karatasi. Wageni watakuwepo.)

Mama mkwe, ziara ya kwanza (kitambaa)
Shikamoo Mama. Mita 6, gauni na kilemba vinatoka.
Asante kwa kunipokea. – Mkweo

Mtoto wa dada, kuzaliwa (nguo)
Karibu duniani, mpwa wangu. Hizi ni za miezi 6, makusudi:
za mwezi mmoja utaziacha hata hazijapauka. – Mjomba

Dada mwenyewe, siku hiyo hiyo (chupa ya kutunza joto)
Hii si ya mtoto, ni ya mama mtu, kwa zile saa za kunyonyesha usiku.
Hongera dada, umejifungua salama.

Mwanetu, miaka 7 (mpira)
Saba tayari! Mpira huu ni wa nje,
sebuleni kuna vioo. – Baba na Mama

Mdogo wangu, mahafali (kalamu)
Umemaliza! Hii ni ya kusaini mkataba wa kazi ya kwanza;
wino wa akiba uko chini ya kasha. – Dada

Mwalimu wa mtoto, kufunga mwaka (daftari)
Mwalimu, sasa anasoma hata vibao vya barabarani, na kwa sauti.
Asante sana. – Wazazi wa mwanafunzi wako wa dawati la mbele

Mwenzetu wa kazini, anahama (mkoba)
Mkoba nenda nao. Kikombe chako tumekizuia,
ili urudi kukidai.

Rafiki, amefiwa na baba (fremu)
Pole sana, rafiki yangu. Ni ya ile picha yake uipendayo,
siku utakapokuwa tayari. Mungu amrehemu.

Jirani, amehamia juzi (taa ya kuchaji)
Karibuni, jirani. Ichajiwe ijae kabla ya kutumika mara ya kwanza.
Umeme ukikatika, sisi ni mlango wa pili kushoto.