Zamu ya kila mwezi ya tovuti ya nyumba ya wageni, Paje

Bi Saumu, tovuti imeshafunguliwa na maombi ya vyumba yameanza kuingia. Zamu hii ifanyike Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, saa nne asubuhi, wageni wanaoondoka wakishapanda gari. Saa moja na nusu inatosha. Anayeifanya aandike jina lake na tarehe kwenye daftari la tovuti pale mapokezi, hata kama hakukuta kasoro.

1. Fomu ya kuomba chumba

Nimeiweka mwanzo kwa makusudi. Tovuti ikianguka utajua, kwa sababu mtu atapiga simu kulalamika. Fomu ikiacha kufikisha barua, hapigi simu mtu. Mgeni wa Ujerumani anajaza, anaona maandishi ya kijani ya kumshukuru, anasubiri siku mbili, kisha analipa hoteli ya jirani. Kijani kile cha Contact Form 7, plagini inayoendesha fomu yetu, kinasema tu kwamba tovuti imeikabidhi barua kwa ajili ya kutumwa. Kama imefika au imeishia njiani, chenyewe hakijui.

Kwa hiyo jaza fomu kama mgeni. Tumia simu na data ya mtandao wa simu, si Wi-Fi ya ofisini, na usiwe umeingia kwenye tovuti kama msimamizi. Andika jina "Jaribio" na mwezi wenyewe, weka tarehe za kulala za kweli, na anuani yako binafsi ya Gmail. Kisha angalia sehemu tatu:

Kwanza, sanduku la mapokezi. Barua ifike ndani ya dakika tano. Ikiwa imeangukia kwenye barua taka, hesabu kwamba haikufika, kwani hakuna anayefungua folda hiyo siku ya Jumamosi nyumba ikiwa imejaa.

Pili, barua ya shukrani inayokwenda kwa mgeni, ambayo safari hii imekuja Gmail yako. Ifungue kwenye kompyuta, bonyeza vile vidoti vitatu, chagua "Show original". Juu kabisa kuna mistari ya kuthibitisha mtumaji, yaani SPF, DKIM na DMARC, na yote mitatu isome PASS. Tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila anayetuma barua awe na uthibitisho wa SPF au DKIM, na barua isiyo nao inaweza kukataliwa moja kwa moja. Ukiona FAIL, piga picha ya skrini unitumie siku hiyo hiyo.

Tatu, ndani ya tovuti kwenye menyu ya Flamingo. Contact Form 7 peke yake haihifadhi chochote: barua ikipotea, ombi limepotea nalo. Ndiyo maana niliiongeza Flamingo, inayoweka nakala ya kila ombi. Hesabu maombi ya mwezi uliopita humo, kisha hesabu yaliyofika kwenye sanduku la mapokezi. Idadi zikitofautiana, waandikie leo leo wageni ambao hawakujibiwa, ndipo unitafute mimi.

Jambo moja zaidi: asitokee mtu akabadilisha sehemu ya "From" kwenye fomu akaweka anuani ya mgeni ili iwe rahisi kumjibu. Watu hupenda kufanya hivyo. Barua itakuwa inatoka kwenye seva yetu huku ikidai imetoka Gmail au Yahoo, na sanduku linaloipokea litaiona ya kughushi. Anuani ya mgeni tayari ipo kwenye "Reply-To". Ukibonyeza kujibu, jibu linamwendea yeye.

2. Masasisho ya plagini

Usiguse kitufe cha kusasisha kabla ya kuchukua nakala kamili kwa UpdraftPlus, yaani faili pamoja na hifadhidata. Hakikisha imefika Google Drive kwa kuifungua Drive yenyewe na kutazama tarehe.

Kisha sasisha plagini moja moja. Baada ya kila moja fungua ukurasa wa mwanzo, ukurasa wa vyumba na fomu. Ukizisasisha zote kwa pamoja halafu kitu kikavunjika, utatumia mchana mzima kutafuta ni ipi. Anayejua kutumia terminali aanze na orodha hii:

```
wp plugin list --update=available
wp core verify-checksums
```

Amri ya pili inalinganisha faili za WordPress na zile za asili. Ikitaja faili iliyobadilika, acha kila kitu na nipigie.

Tangu toleo 6.6 la Julai 2024, plagini iliyojisasisha yenyewe ikileta hitilafu kubwa ya PHP, WordPress huirudisha kwenye toleo la awali. Ni msaada mzuri, ila hauoni fomu iliyoacha kutuma kimyakimya au kalenda inayoonyesha tarehe zisizo sahihi. Ndiyo sababu baada ya masasisho yote unarudia jaribio la fomu kuanzia mwanzo.

Na plagini isiyodai sasisho mwezi hadi mwezi si lazima iwe salama. Huenda mwenyewe ameitelekeza. Bonyeza "View details" utazame ilisasishwa lini mara ya mwisho. Ikizidi mwaka, iandike daftarini tuitafutie mbadala.

Masasisho makubwa, kama toleo jipya la WordPress au kubadilisha mandhari, yangoje masika, Aprili na Mei, nyumba ikiwa na nafasi. Julai na Agosti tunafanya ya usalama tu.

3. Viungo vilivyokufa

Fungua ripoti ya Broken Link Checker. 404 ni kiungo kilichokufa kweli: rekebisha au ondoa. 403 na 429 mara nyingi ni tovuti kubwa inayomfukuza mkaguzi kwa sababu ni roboti, basi bonyeza kwa mkono kwanza. Kikifunguka, kiache.

Ripoti haioni ukurasa unaofunguka lakini habari zake zimepitwa. Kwa hiyo vitatu hivi unavifungua na kuvisoma mwenyewe kila mwezi: ratiba ya boti ya Dar es Salaam, maombi ya viza kwenye visa.immigration.go.tz, na bima ya lazima ya wageni wa Zanzibar iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024. Bei ya bima tuliyoandika ni dola 44 kwa mtu mzima. Ikibadilika huko, ibadilike na kwetu siku hiyo, la sivyo mgeni atagombana na mapokezi.

4. Tovuti kuwa hewani

Hapa kazi ni ndogo. UptimeRobot inapima kila dakika 5 na kutafuta maneno "Omba chumba" kwenye ukurasa wa mwanzo. Tulichagua kutafuta maneno kwa sababu ukurasa mtupu unaweza kuhesabiwa kuwa uko hewani. Andika asilimia ya mwezi. 99.9 ni kama dakika 43 za kuzima kwa siku 30, na hatulalamiki. Ikishuka chini ya hapo, wape wenye hosti tarehe na saa za kila kuzima, si malalamiko ya jumla.

Kipimo kikisema tovuti ipo na wewe huioni, kosa huenda liko upande wetu. Seva iko Ulaya. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, intaneti ya Afrika Mashariki ilizorota, ilhali tovuti zilizohifadhiwa Ulaya ziliendelea kufunguka kwa walioko huko. Siku kama hiyo usiguse chochote kwenye seva. Maombi yanaendelea kuingia Flamingo, utayakuta.

Mwisho tazama tarehe ya cheti cha usalama, kinachojihuisha chenyewe, na ya malipo ya jina la tovuti, ambayo hayajilipi. Yakibaki miezi miwili, mkumbushe mhasibu.

Nisipopatikana, fanya sehemu ya kwanza na ya tatu tu. Masasisho yanaweza kungoja wiki.