Kutafuta mkazo wa kulegea wa alumini kwa mstari wa 0.2%

Chuma laini ukikivuta huonyesha wazi pale kinapolegea: kani husita au hushuka kidogo huku sampuli ikiendelea kurefuka. Alumini haifanyi hivyo. Grafu yake hupinda polepole, na watu watatu wakiiangalia kwa macho watataja nukta tatu tofauti. Ndiyo maana tunakubaliana hivi: mkazo wa kulegea ni ule unaoacha urefu wa kudumu wa 0.2%.

Sampuli yetu ni ya mviringo, kipenyo 12.5 mm, na urefu uliopimwa ni 50 mm. Kwa hiyo tunatafuta mkazo utakaoiacha ikiwa ndefu zaidi kwa 0.1 mm hata baada ya kani kuondolewa.

| Kani (kN) | Urefu ulioongezeka (mm) |
|---|---|
| 10 | 0.058 |
| 20 | 0.116 |
| 30 | 0.183 |
| 33 | 0.251 |
| 34 | 0.306 |
| 35 | 0.396 |

Urefu huu umesomwa kwenye kipimo kilichobanwa juu ya sampuli yenyewe. Usitumie mwendo wa taya za mashine, kwa sababu mashine nayo hunyumbuka, na mteremko utatoka mdogo mno.

Anza na eneo la awali: π × 12.5² ÷ 4 = 122.7 mm². Gawa kila kani kwa eneo hilo upate mkazo, na kila ongezeko kwa 50 upate mnyumbuko. Kwa 10 kN ni 81.5 MPa na 0.00116, kwa 20 kN ni 163.0 MPa na 0.00232.

Sasa mteremko, hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Kutoka 10 hadi 20 kN ongezeko la urefu ni lilelile la 0 hadi 10, yaani 0.058 mm, basi hapo mstari umenyooka:

E = 81.5 ÷ 0.00116 ≈ 70,300 MPa

Kutoka 20 hadi 30 kN limekuwa 0.067 mm. Grafu imeshaanza kupinda, kwa hiyo nukta ya 30 kN haiingii kwenye hesabu ya E.

Chora mstari sambamba na huo, ukianzia mnyumbuko 0.002 kwenye mhimili wa chini. Ni 0.002, si 0.2, kosa hili hutokea mara nyingi.

σ = 70,300 × (ε − 0.002)

Ulinganishe na data. Kwa 33 kN, ε ni 0.00502: mstari unatoa 212.3 MPa, data 268.9, yaani data iko juu kwa 56.6. Kwa 34 kN, ε ni 0.00612: mstari 289.6, data 277.1, yaani data iko chini kwa 12.5. Basi vinakutana katikati ya nukta hizo mbili:

268.9 + (277.1 − 268.9) × 56.6 ÷ (56.6 + 12.5) ≈ 275.6 MPa

Hakiki: mnyumbuko wa makutano ni 0.00592. Ondoa sehemu inayorudi, 275.6 ÷ 70,300 = 0.00392, inabaki 0.002.

Andika kwenye ripoti: Rp0.2 = 276 MPa.