Mauzo ya Agosti 2025: mistari ninayoirudisha kwako

Shikamoo Mama,

Nimemaliza kupitia daftari la mauzo la duka la Mbagala, nikalilinganisha na ripoti za Z za mashine ya EFD na taarifa ya Lipa Namba. Mistari mingi iko sawa. Hii hapa naomba ukae na kijana wa kaunta muipitie kabla sijafunga hesabu za mwezi.

Kubwa kuliko yote ni tarehe 19 na 20, Jumanne na Jumatano. Daftarini hamna kitu. Ningedhani duka halikufunguliwa, lakini Lipa Namba ilipokea 186,500 siku ya kwanza na 243,000 siku ya pili. Kwa hiyo watu walinunua, na kama kuna waliolipa taslimu, fedha yao haijaandikwa popote. Mashine nayo haina ripoti ya Z ya siku hizo. Hilo linanipa wasiwasi zaidi, maana kuuza bila kutoa risiti ni kosa lenye faini. Ilikuwa mbovu? Kama ndiyo, nani alijulishwa, na lini? Tarehe 8 nimeiruka, ilikuwa Nane Nane na ulifunga.

Tarehe 11, 12 na 13 zimeandikwa 450,000, 450,000 na 500,000. Duka linalouza misumari kwa robo kilo na taa za 2,500 haliwezi kupata namba za mviringo hivyo siku tatu mfululizo. Ripoti za Z zinasema 437,800, 468,200 na 421,500, yaani pungufu ya daftari kwa 72,500 jumla. Nahisi jioni hesabu ilikadiriwa tu. Lakini huenda pia kuna deni la zamani lililolipwa likaingizwa kama mauzo mapya, kwa hiyo muulize taratibu.

Tarehe 28 nayo ni 600,000 kamili, na niliitilia shaka. Nimejumlisha risiti zake 14 moja moja, zinafika hapo hapo. Hiyo haina neno.

Tarehe 16, jumla imeandikwa 481,300 wakati bidhaa zilizoorodheshwa zinatoa 418,300. Tofauti ya 63,000 inagawanyika kwa 9 bila kubaki, dalili ya tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Nimeweka alama ya penseli, sijafuta.

Tarehe 24 ni Jumapili, siku ambayo hufungui, lakini kuna 312,500. Jumamosi yake ina mstari wake. Nani alikuwa na ufunguo?

Majibu ya tarehe 19, 20 na 24 ndiyo ninayoyahitaji kwanza, pamoja na kijitabu cha madeni. Hayo mengine nitayapitia na kijana mwenyewe Jumamosi nikija dukani.