Kurudisha Nguo na Kurudishiwa Pesa

Duka letu liko hapa Lubumbashi na linauza kwa simu tu: unaona picha, unalipa, mwenye moto anakuletea kwa pikipiki yake. Hujaishika nguo kabla ya kulipa, kwa hiyo ukiipata haikufai, unayo haki ya kuirudisha.

Una siku 7 tangu ulipoipokea. Ijaribu nyumbani, utembee nayo chumbani, ukae, uinue mikono. Usitoe karatasi ya bei, usifue, usipeleke kwa fundi. Tunapoipokea tunaangalia kola na makwapa: ikiwa na poda, manukato au jasho, tutakurudishia nguo yako. Chupi, sidiria na hereni hazirudi zikishafunguliwa. Kitenge kilichokatwa hakirudi, isipokuwa kasoro ilikuwemo kabla ya mkasi.

Ukitaka kurudisha, tuandikie kwenye namba ileile ya WhatsApp uliyoagizia, pamoja na picha ya nguo na sababu. Stakabadhi ikipotea, ujumbe wa malipo kwenye simu unatosha.

Kosa likiwa letu (zipu imekufa, mshono umeachia, tumeleta saizi 38 ulipoomba 42, rangi si ile ya picha), pesa ya moto kwenda na kurudi tunalipa sisi, uwe mtaa wowote hapa mjini, Katuba, Ruashi au Kenya. Kwa mteja wa Likasi au Kolwezi tunalipa pia mzigo wa basi. Ukibadili mawazo tu, usafiri wa kurudisha ni wako, na ule wa kwanza haurudi.

Sasa pesa yenyewe, maana ndipo watu wanapogombana. Uliyelipa dola unarudishiwa dola, na noti safi: hatukupi iliyochanika ambayo sokoni wataikataa. Uliyelipa faranga unarudishiwa faranga zilezile, hesabu ileile, hata kama kiwango kimepanda au kushuka. Uliyelipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money unarudishiwa kwenye namba iliyolipa, si nyingine, na makato ya kutuma ni juu yetu. Tunatuma ndani ya siku 3 tangu nguo itufikie. Hatukulazimishi kuchukua nguo nyingine badala ya pesa. Mimi mwenyewe niliwahi kulazimishwa hivyo, nikarudi nyumbani na sketi nisiyoitaka. Sitaki mteja wangu apitie hayo.

Ukipenda kubadilisha saizi, tunakuwekea hiyo nyingine siku 2. Nguo za bei ya kupunguza zinafuata masharti hayahaya. Ikiwa na doa tunalolijua, tunakutumia picha ya doa kabla hujalipa. Ukikubali, doa hilo si sababu ya kurudisha tena.

Nguo ya kushonewa kwa vipimo vyako ina avansi ya nusu bei. Fundi asipoanza kukata, avansi inarudi yote. Akishakata, hairudi, ila tukikosea vipimo ulivyotuandikia tunashona upya bila malipo, au tunarudisha kila faranga.