"Mteja Hapatikani": Sini ya 7 hadi 10, Nakala ya Mhariri

SINI YA 7. NDANI. JIKO LA BI MWANAIDI, TANGA. ASUBUHI.

Bi Mwanaidi anazungusha chapati kikaangoni kwa ncha za vidole. Mjukuu, Zuhura, amechutama mlangoni.

ZUHURA
Bibi, baba anakuja lini?

BI MWANAIDI
Leo, mke mwenzangu. Leo leo.

Chapati inazunguka.

MKATO WA MFANANO:

[Pembeni: Duara kwa duara: chapati, kisha usukani. Kamera ya jikoni ikae juu kabisa, na ya kebini ibanwe darini, kwa sababu usukani wa lori umelala. Duara zote mbili zijaze theluthi mbili za kimo cha fremu. Chapati izungushwe KUSHOTO. Sefu anatoka Chalinze. Pale Segera, kulia ni Tanga kwa mama, kushoto ni Moshi. Majaribio ya juzi mama alizungusha kulia na jicho likakwama. Kata katikati ya mzunguko, mkono ukiwa bado unakwenda.]

SINI YA 8. NDANI. KEBINI YA LORI, NJIA PANDA YA SEGERA. ASUBUHI.

Mikono ya SEFU inakata usukani kushoto. Simu inaita kwenye dashibodi. Kioo: MAMA. Anaitazama. Anabonyeza kitufe cha kuzimia mpaka kioo kinakuwa cheusi.

KATA:

[Pembeni: Rasimu ya kwanza niliandika picha ziyeyuke hapa. Nimefuta. Zikiyeyuka, uso wa Sefu utalala juu ya uso wa mama, na itaonekana wanawaziana. Huyu amemfungia mama mlango! Kata kavu, kioo kikizima tu. Sauti ya mtandao itangulie picha kwa fremu 12, isikike tukiwa bado kebini.]

SINI YA 9. NDANI. JIKO. MUDA ULEULE.

SAUTI YA SIMU
Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa.

Bi Mwanaidi anaweka simu kifuani. Chapati inaungua. Anaitoa, anaipanga chini kabisa ya nyingine, anafunika sahani kwa kawa.

PICHA INAYEYUKA, FREMU 50:

[Pembeni: Mahali pekee pa kuyeyusha katika kurasa hizi. Tunapiga fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo ni sekunde mbili. Kamera isiguswe tangu asubuhi hadi jioni. Miguu ya stendi izungushiwe gundi ya karatasi sakafuni, na mtu alale pale ikibidi. Kawa ibaki palepale, mwanga wa dirisha ndio uhame. Kawa ikisogea hata kidogo, zitaonekana kawa mbili, siku yote imepotea.]

SINI YA 10. NDANI. JIKO. JIONI.

Kawa haijafunuliwa. Zuhura amelala kwenye mkeka. Nje, honi ya lori. Bi Mwanaidi anainua kichwa.

KATA:

[Pembeni: Kata tu. Lori si la Sefu, lakini tusimwambie mtazamaji kabla ya mama kufika mlangoni.]