Karatasi ya siku ya kwanza: vibarua wa kuchuma na kukausha tumbaku, Urambo

(Inasomwa kwa sauti chini ya mwembe wa stoo, saa 1:00 asubuhi, kabla mtu hajagusa jani. Anayefika katikati ya wiki anasomewa peke yake. Asiyesoma asione haya, hatumpi karatasi tukamwacha nayo.)

Mwangaluka, na karibuni. Wapo mliotoka Kaliua, wapo mliotoka Kasulu na Kibondo, na wengine ni wa hapahapa kijijini. Najua baadhi yenu mmelima tumbaku tangu utotoni. Sikilizeni vilevile, maana kila shamba lina utaratibu wake, na hao wenye uzoefu ndio wanaobeba majani kwapani.

Mtu wa kumuuliza ni Dada Zuhura, yule mwenye koti la rangi ya chungwa. Tangu saa 1:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri yuko shambani au kwenye banda la kutungia, haendi mjini. Usiku kwenye mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku kwa moto, muulize Mzee Masanja. Namba zao za simu zimeandikwa kwa chokaa kwenye mlango wa stoo, nakilini kabla hamjaondoka hapa. Usimuulize mgeni mwenzako uliyekuja naye gari moja, naye hajui. Kusimama kuuliza hakukatwi hela. Ukiuliza jambo lilelile mara tatu, Zuhura atakujibu mara tatu.

Kazi na malipo. Ni siku sita kwa wiki, Jumapili tunapumzika. Siku moja ni saa saba na nusu za kazi, na saa 6:00 hadi 7:00 ni ya kula, kwa hiyo wiki inatimia saa 45 ambazo sheria ya kazi imeweka kuwa mwisho wa kazi ya kawaida. Malipo ni shilingi 10,000 kwa siku, yanatolewa Jumamosi mchana kwa daftari, unaweka sahihi au dole gumba mbele ya Zuhura. Ukiongezewa saa, zinalipwa mara moja na nusu. Anayelinda moto usiku ana nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa kati ya saa 2:00 usiku na saa 12:00 asubuhi. Hesabu ikikupinda, sema palepale daftari likiwa wazi. Ukingoja Jumatatu tutakuwa tunabishana na kumbukumbu.

Aliye chini ya miaka 18 hafanyi kazi hapa, hata akija na mzazi wake, hata "kumsaidia mama kutunga" tu. Mama mjamzito au anayenyonyesha hashiki jani bichi. Mwambie Zuhura pembeni, si lazima mbele ya watu, atakupa kazi ya jikoni au ya kuhesabu fito kwa malipo yaleyale.

Sasa jani bichi, na hapa naomba tutulie, kwa sababu hili ndilo linaloangusha wageni wiki ya kwanza.

Jani la tumbaku likiwa na maji juu yake, yawe umande, mvua au jasho lako mwenyewe, nikotini inatoka kwenye jani inaingia kwenye yale maji, na maji yanaipitisha kwenye ngozi. Huhitaji kuvuta wala kutafuna. Nguo iliyolowa ikishikamana na mwili ni kama kitambaa cha dawa kilichofungwa mgongoni kutwa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, tumbo kukaza, kutoka jasho la baridi na miguu kulegea. Mara nyingi haziji ukiwa kwenye mstari. Zinakuja jioni au usiku umeshalala, na ndiyo maana watu husingizia maharage ya mchana au malaria.

Kwa hiyo hatuchumi umande ukiwepo. Saa 1:00 hadi kama saa 3:00 tunapasua kuni, tunapanga fito na kukata kamba. Zuhura hupitisha kiganja chake mgongoni mwa majani ya mistari mitatu, na kiganja kikitoka kikavu ndipo tunaingia. Mvua ikinyesha, tunatoka. Akisema tutoke, jani lililobaki mkononi si hoja ya kumaliza mstari kwanza.

Vaa shati la mikono mirefu, suruali au kanga mbili nzito, gambuti, glovu, na aproni ya plastiki ambayo shamba linakupa. Njoo na nguo kavu ya kubadilisha. Nguo ikilowa, ivue, nawa kwa sabuni, vaa kavu, kisha endelea. Jani unalishika mkononi na kulilaza kwenye kapu. Usilibane kwapani. Najua kwapani panaenda haraka, mkono mmoja unachuma na mwingine unakusanya. Lakini ngozi ya pale ni laini, ina jasho, na jani linakaa limegandamizwa kwa nusu saa nzima. Ukionekana mara ya pili unahamishiwa kwenye kuni siku hiyo.

Ukijisikia vibaya, acha kazi, toka juani, vua nguo zilizolowa, oga mwili mzima kwa sabuni, kunywa maji kidogokidogo. Mwenzako amwite Zuhura. Ukitapika bila kukoma, ukishindwa kusimama au kifua kikienda mbio, pikipiki ya shamba inakupeleka Hospitali ya Wilaya Urambo, na mwambieni daktari wazi kwamba mgonjwa alikuwa anachuma tumbaku mbichi. Asipojua hilo atahangaika na vipimo vingine kwanza. Likikupata usiku nyumbani, piga namba mojawapo ya zile za mlango wa stoo usiku huohuo.

Kuchuma kwenyewe. Tunaanza majani ya chini kupanda juu, majani mawili hadi matatu kwa mti, na shamba lilelile tunalirudia baada ya kama wiki. Jani lililoiva limepauka kuelekea njano, mshipa wa katikati umekuwa mweupe, na ukilibonyeza kuelekea chini linakatika kwa mlio mmoja. Likining'inia kwa gamba, bado. Jani bichi mno halitakaa njano kwenye bani hata ulipikeje. Kapu likijaa lipelekwe kivulini saa hiyohiyo. Majani yaliyolundikwa yanajipasha moto yenyewe katikati, na kufikia mchana yamebadilika rangi kuwa kahawia kabla hayajaona fito.

Kutunga: majani matatu kwa fundo, migongo ikigusana, fundo moja kulia na moja kushoto mwa ufito, ukiacha kiganja kimoja kitupu kila mwisho. Ukibana sana hewa haipiti na majani ya ndani yanaoza. Kamba ni ya katani au uzi wa pamba tunaotoa sisi. Kamba ya sandarusi na nyuzi za viroba haziingii kwenye banda kabisa, wala manyoya ya kuku, wala karatasi za pipi. Uzi mmoja wa plastiki ukikutwa ndani ya robota sokoni, robota zima linaweza kurudishwa.

Shamba lenye kitambaa chekundu kwenye mti wa kona limepuliziwa dawa ya wadudu au ya kuzuia machipukizi. Haliingiwi, hata kwa njia ya mkato kwenda chooni, mpaka Zuhura mwenyewe aondoe kitambaa. Kopo la dawa halichoti maji, hata likioshwa mara kumi. Na kabla ya kula, mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Ndoo na sabuni ziko mlangoni mwa jiko.

Mabani. Tuna manne, na wageni hawawashi, hawapandishi moto wala hawagusi matundu ya hewa bila Mzee Masanja. Si kwamba tunawadharau. Bani linaanza na joto la nyuzi 35 hadi 38 kwa siku moja na nusu au mbili, mpaka majani yawe njano. Halafu linapanda polepole hadi 50 na kitu jani likauke, na mwisho kama 70 ili kikonyo kikauke. Ukiharakisha mwanzo, jani linakauka likiwa na kijani chake. Ukiacha moto uzame kikonyo kikiwa bado na maji, yale maji yanarudi kwenye jani na kuacha michirizi myeusi. Ukipita 74 jani linakuwa jekundu. Kazi yako ya zamu ya usiku ni kusoma kipimajoto kupitia kidirisha kila nusu saa, kuandika kwenye ubao, na kumwamsha Mzee kikitofautiana na alichokuandikia. Wa zamu ni wawili, hawalali kwa wakati mmoja, na hakuna anayelala ndani ya bani au mbele ya mdomo wa tanuri kwa sababu ya baridi. Hewa ya makaa haina harufu. Inaua mtu aliyesinzia.

Bani linaungua namna hii: jani moja au ufito mmoja unaanguka juu ya mabomba ya moto. Ndiyo maana wavu uko juu ya mabomba, na ukiona umetoboka sema kabla hatujapakia. Moto ukitokea, usifungue mlango kuchungulia, utakuwa unaupa hewa. Piga kelele "Bani!", funga matundu na mdomo wa tanuri, sogeza watu mbali, piga 114. Tumbaku iache iungue. Hakuna anayeingia kuokoa fito. Sigara na moto wa kuotea ni nyuma ya choo tu.

Kupakia na kushusha: anayepanda juu avue gambuti zenye matope, ajaribu kila boriti kwa uzito wa mguu mmoja kwanza, na awe na mtu chini. Bani likimaliza tunalifungua lipoe kabisa na majani yavute unyevu hadi yalainike, ndipo tunaingia.

Rundo la kuni lina nyoka, hasa kifutu, ambaye hakimbii mtu akija. Pindua gogo kwa fimbo kabla ya kutia mkono, na usiku uwe na tochi. Akimuuma mtu, asikatwe, asinyonywe, asifungwe kamba ya kukaza. Alale, mguu usitikiswe, avuliwe pete na viatu, aende hospitali. Nyoka mwacheni, msipoteze muda kumsaka.

Ukiumia kwa lolote, hata mkwaruzo wa panga, Zuhura aandike siku hiyohiyo. Madai ya fidia kwa WCF, ule Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yanaanzia kwenye ile taarifa.

Sasa panga foleni mlangoni mwa stoo. Kabla ya kukupa glovu na aproni, Zuhura atakuuliza mambo matatu: tunaingia shambani lini, ukianza kutapika usiku unampigia nani, na bani likiwaka unafanya nini na mlango. Ukikosea moja atakueleza tena, unarudi nyuma ya foleni. Vikombe vya maji viko kwa Mama Shija jikoni, kila mtu achukue chake.