Kidole Kimoja Kutoka Ukingoni

Tulianza kubishana kwa sababu ya benchi. Nilitaka litoke, mahali pake liingie sinki la pili, lile la kulaza kichwa nyuma, maana la kwanza lilimlazimu mteja ainame mbele maji yakamwingia machoni. Mama akasema benchi halitoki. Wateja wakisubiri pale wanajuana, na wakijuana wanarudi.

"Anayesubiri saa tatu harudi, Mama. Anakwenda kwa mwingine wala haagi."

"Amekwambia nani, kama haagi?"

Akacheka. Benchi likabaki.

Mama amesuka miaka 31. Anasuka amesimama, ndala moja ameivua, na mistari yake ya twende kilioni ungedhani imepigwa rula. Sifa yake kubwa ni kwamba msuko wake haulegei. Mteja anakaa nao wiki sita na mistari bado inaonekana. Nimekulia chini ya sifa hiyo. Nilipokuwa mdogo niliwaona watu wakitoka kwenye kiti chake macho yamevutika, wanaomba maji wameze dawa ya kichwa, na huku wanashukuru.

Mimi nilipomaliza kusomea kazi hii nilirudi na maneno mengine. Kwamba vipele vidogo vinavyotokea penye mizizi baada ya kusukwa ni dalili kuwa nywele zimevutwa kupita kiasi. Kwamba nywele za ukingoni, juu ya paji na kando ya masikio, ni laini, hazistahimili kuvutwa kama za utosini. Ukiziwahi zinaota tena. Ukiendelea kuzivuta mwaka baada ya mwaka, shina linakufa na ngozi inabaki tupu, laini kama kiganja. Mama alinisikiliza mpaka akamaliza mstari wake.

"Nikilegeza, watasema mkono umezeeka," akasema.

Hilo ndilo lililoniuma kuliko benchi. Benchi ni mbao tu. Vichwa ni vya watu.

Mambo mengine alikubali bila vita: draya mpya, taa nyeupe juu ya kioo, malipo kwa simu. Miadi aliipinga mwezi mzima, kisha siku moja akaniambia, bila kunitazama, "Haya, jaribu wiki mbili." Nikapanga kila kitu kwenye simu. Kuosha na kuseti, saa moja na nusu. Retachi, saa mbili. Kusuka, saa nne. Mama alipitisha macho kwenye orodha ile kama mtu anayesoma barua ya deni.

"Kichwa hakina saa, Rehema. Kuna nywele nzito, kuna nyepesi, kuna zilizokatikakatika zinataka kubembelezwa. Wewe umezipa zote muda mmoja."

Sikumjibu. Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri, benchi likakaa tupu, na nakiri nililitazama kwa furaha.

Jumamosi ya pili nilikuwa na dada mmoja wa retachi. Nilimuuliza kama amejikuna au ameosha nywele siku hizo, akasema hapana. Nikampaka mafuta mazito ukingoni na nyuma ya masikio kukinga ngozi, nikavaa glavu, nikagawa nywele mafungu manne na kuanza na kisogo. Dawa nilipaka kwenye maotea tu, maana ikigusa tena nywele zilizokwisha lainishwa zinakatika. Nikatega kengele ya simu kwa dakika zilizoandikwa kwenye kopo. Hapo mteja wa saa nne na nusu akaingia, amewahi, na simu nayo ikaita, mtu anataka kubadilisha siku. Nikapokea.

"Inaniwasha kidogo," yule dada akasema.

"Dakika moja tu, dada."

Mama alikuwa upande wa pili, ana uzi mdomoni na kichwa cha mtu mkononi. Aliuacha msuko katikati. Sikumwona akivuka chumba, nilimwona tu amefika. Akamshika yule dada mabega, akamwinamisha kwenye sinki, akafungua maji ya uvuguvugu yakawa mengi. Aliosha muda mrefu kabla hata ya kugusa chupa. Kisha akamimina shampuu ya kukata dawa, ile inayobadilika rangi. Povu likatoka la waridi. Akasuuza. Akamimina tena, waridi. Mara ya tatu waridi hafifu. Mara ya nne likatoka jeupe, akalipokea kiganjani, akalisogeza kwenye mwanga wa taa yangu mpya, akaliangalia kama mtu anayechagua mchele. Ndipo akafunga maji.

Kengele ya simu ililia wakati anakausha kwa taulo.

"Ngozi imelia kabla ya kengele yako," alisema kwa sauti ya chini, mteja asisikie.

Nyuma ya sikio palikuwa na jeraha dogo, la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Mafuta hayakufika pale, niliruka. Mama alikataa asiwekewe draya wala kuchanwa kwa moto. Nikamwomba yule dada radhi, nikamweleza asijikune wala asitie kemikali yoyote mpaka papone, na pakitoka malengelenge au usaha aende hospitali, gharama juu yetu. Hatukupokea malipo. Alinitazama kwenye kioo akasema, "Nilikwambia inawasha." Kwa sauti ya kawaida kabisa, wala hakunigombeza. Bado naisikia.

Jioni, wateja wameisha, niliketi kwenye benchi nikaanza kufuta miadi ya wiki iliyofuata, mmoja mmoja. Mama alikuwa anafagia.

"Unafanya nini?"

"Narudisha mambo yalivyokuwa."

"Usifute." Akaegemeza ufagio. "Yule wa saa nne na nusu alikuja amepumzika, akasukwa, akaenda kumchukua mtoto wake kwa wakati. Sijapata kuona. Ongeza muda tu. Na dawa ikiwa kichwani kwa mtu, simu ikae droo."

Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mbele ya kioo kile. Akafungua kilemba chake, akakikunja, akakiweka juu ya meza ya chanuo, akaketi kwenye kiti.

"Nisuke."

Miaka yote Mama hujisuka mwenyewe, usiku, chumbani. Nilijua ana nywele fupi. Sikujua kwamba kuanzia paji mpaka juu ya masikio, upana wa vidole viwili, hamna kitu. Ngozi ilikuwa inang'aa. Nilisimama na chanuo mkononi.

"Alikusuka nani hivi?"

"Bibi yako. Baadaye mimi mwenyewe. Mkono ni uleule."

Nikatia mafuta, nikagawa kwa mkia wa chanuo. Pale ambapo nywele zilianza kulikuwa na vinyweleo vichache, vyembamba, vimesimama peke yao. Sikuvichukua. Nikaanza mstari kidole kimoja nyuma yake, nikashika nywele kidogo, nikapitisha bila kuvuta.

Mama akainua mkono, akapapasa.

"Hapa umeacha nywele."

"Nimeziacha makusudi."

Kidole chake kilikaa pale, kikivipitia vile vinyweleo huku na huku. Kisha akarudisha mkono mapajani.

"Haya. Mstari wa pili unyooshe, huo wa kwanza umepinda."